Salio la mwisho kwenye safu inayozidi kurefuka: COUNTA, LOOKUP au SUM?

MwaniPaje: Assalaam alaykum. Naweka hesabu za kikundi chetu cha mwani kwenye Ekseli. Safu ya C ni fedha zilizoingia, D zilizotoka, E salio. Kila bamvua mistari inaongezeka, na kinamama wanataka wakifungua tu walione salio la leo pale juu, G1. Niliweka hii:

```
=INDEX(E:E,COUNTA(E:E))
```

Ilikwenda vizuri, jana ikaonesha 0, na sandukuni zimo 705,000.

Duka_Darajani: Mimi natumia `=MAX(E:E)`, rahisi.

MwaniPaje: Nimeijaribu kaka, inaleta 730,000. Hilo ndilo salio kubwa tulilowahi kuwa nalo, kabla hatujanunua kamba.

Fundi_Wete: Dada, umeruka mstari?

MwaniPaje: Ndiyo, wa 5, kutenganisha mwezi.

Fundi_Wete: Basi ndio huo. COUNTA inahesabu seli zilizojaa, haijui zipo mstari gani. E1 kichwa, E2 420,000, E3 730,000, E4 645,000, E5 tupu, E6 705,000. Zilizojaa ni 5, INDEX ikaenda mstari wa 5, haikukuta kitu. Weka:

```
=LOOKUP(9.99E+307,E:E)
```

Hakuna salio litakalofika namba hiyo. LOOKUP hudhani safu imepangwa kuanzia ndogo, basi inaitafuta huku inateremka mpaka inakwama kwenye namba ya mwisho. Maneno na seli tupu inaziruka. Usiiandike ndani ya E yenyewe, itajizunguka.

Karafuu_Mkoani: Kwangu inatoa #N/A. Safu yangu ni "kalipwa" au "bado" kwa kila gunia.

Fundi_Wete: Yako maneno matupu, ami. Jaribu hii, na ukipita mstari wa 500 uirefushe:

```
=LOOKUP(2,1/(F2:F500<>""),F2:F500)
```

Mhasibu_Chake: Kwa salio mimi sitafuti la mwisho kabisa. `=SUM(C:C)-SUM(D:D)`, ruka mistari utakavyo.

Fundi_Wete: Sawa, lakini mtu akiandika 60,000/= kwenye C6, Ekseli inaichukua kuwa maneno. SUM inaiacha kimya, unapata 645,000.

MwaniPaje: Na LOOKUP je? E6 yangu ni `=E4+C6-D6`.

Fundi_Wete: Nayo italeta 645,000, maana E6 itakuwa #VALUE! na LOOKUP inaruka makosa. Ila kosa lenyewe utaliona pale E.

Mhasibu_Chake: Anayetazama G1 kwenye simu hashuki hadi E6. Mimi nabaki na SUM, na G2 naweka:

```
=COUNTA(C2:C500)-COUNT(C2:C500)
```

Isipokuwa 0, kuna kiasi kimeandikwa kama maneno. D nayo ifanyie vivyo hivyo.

MwaniPaje: Nimeweka LOOKUP kwenye G1 na hiyo kwenye G2. 705,000 na 0. Ahsanteni sana.