Tupeane uzoefu: ankara moja ya sapulaya kuingia mara mbili kwa sababu ya namba au tarehe

Mhasibu_Mafinga: Wakuu, nianze na langu. Aprili 2024 sapulaya wetu wa Mbeya alituma kwa WhatsApp picha ya ankara ya mabati: INV-00457, tarehe 03/04/2024, sh. 4,720,000 pamoja na VAT. Nikaiingiza. Wiki iliyofuata karatasi yenyewe ikaja na basi, mwenzangu akaandika "457" tu. Kompyuta yake inasoma tarehe Kimarekani, mwezi mbele, kwa hiyo ikawa Machi 4. Mfumo wetu unazuia namba zinazofanana herufi kwa herufi, basi ukanyamaza na zote zikalipwa. Niliigundua Juni nilipolinganisha na steitimenti ya sapulaya. Ninyi mnazikamataje kabla hela haijatoka?

Mama_Njombe: Pole. Mimi nadaiwa ankara ya mbolea ambayo mzigo haukufika kabisa.

Mhasibu_Mafinga: Dada, hiyo ni tofauti, tafuta delivari noti yenye sahihi ya stoo. Hapa mzigo ulifika, ila mara moja.

Kijana_Uyole: Dai risiti ya EFD tu. Namba yake ya uhakiki haijirudii, umemaliza.

Mkaguzi_Mbeya: Itasaidia kama hiyo namba mnaiandika kwenye rejista. Ofisi nyingi wanaibana tu kwenye vocha, hakuna anayeilinganisha.

Mimi kabla ya malipo nautoa mwezi mzima, na uliotangulia, kwenye Excel. TIN iko B, namba ya ankara C, kiasi E. Kwenye F naisafisha namba na kuijaza sifuri hadi tarakimu sita:

```
=B2&"|"&RIGHT("000000"&SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(UPPER(C2),"INV",""),"-",""),"/","")," ",""),6)&"|"&E2
```

Kisha G:

```
=COUNTIF(F:F,F2)>1
```

INV-00457 na 457 zote zinakuwa 000457. Tarehe nimeiacha nje makusudi, ndiyo inayodanganya. Natumia TIN kwa sababu jina la sapulaya mmoja huandikwa "Ltd" leo na "Limited" kesho. Ila namba ikizidi tarakimu sita, ongeza sifuri na hiyo 6, la sivyo inakatwa mbele. Na mmoja akiingiza 4,000,000 bila VAT, mwingine 4,720,000, fomula haitaziona. Amueni E iwe kiasi kabla ya VAT siku zote.

Mhasibu_Mafinga: Nimeijaribu sasa hivi, imezikamata. Na tarehe?

Mkaguzi_Mbeya: Tazama safu ya tarehe. Kwenye kompyuta ya Kimarekani, 15/04/2024 inabaki maandishi na kuegemea kushoto, maana hakuna mwezi wa 15. Ukiziona hizo, jua zile za siku ya 1 hadi 12 kwenye faili hilo nyingi zimegeuzwa.

Stoo_Makambako: Sapulaya wetu wa mchanga anaandika kwa kitabu cha mkono. Kikiisha, kipya kinaanza 001 tena, na tripu ni bei ileile. Fomula itanipigia kelele kwa ankara halali.

Mkaguzi_Mbeya: Kweli, itakusumbua. Mimi huwa naenda kwenye delivari noti na namba ya lori, moja moja.

Stoo_Makambako: Tripu 40 kwa mwezi, mkuu. Mwenye njia nyingine?