Picha ya pleti namba na chesisi: hii ni sifuri au herufi O? Naomba ushauri

Mnunuzi_Tabata:
Wakuu, habari za jioni. Kuna dalali wa Kinondoni amenitumia kwa WhatsApp picha mbili za Toyota IST. Ya kwanza gari limepigwa kwa mbele likiwa yadi pamoja na magari mengine, ya pili ni kibati cha chesisi. Nataka kuhakiki bima na deni la faini kabla sijatoka Tabata kwenda kuliona.

Pleti naisoma hivi: T **0 D0K (nyota ni tarakimu nilizoficha makusudi). Hicho kiduara cha katikati kwenye herufi sijui ni nini. Kwenye chesisi nako nasoma NCP6O-OO****, maana kila kiduara naona kama O. Nimeingiza pleti kwenye TIRA MIS, mfumo wa kuhakiki bima, mara mbili, haileti kitu. Mnasomaje ninyi?

Mzee_wa_Spea:
Rahisi sana hiyo. Namba za chesisi hazina herufi O, hazina I, hazina Q. Ukiona kiduara weka sifuri, tembea. Hata kwenye pleti fanya hivyohivyo, utapata.

fundi_pleti:
Mzee, nusu ya maneno yako ni sawa, nusu itampoteza kijana.

Sheria ya kukosa I, O na Q ni ya zile chesisi za herufi na tarakimu 17, zinazofuata ISO 3779. IST iliyotoka Japani haina chesisi ya 17. Ina msimbo wa modeli, kistari, halafu namba ya mfululizo. Kwa bahati nzuri kwenye hii yake jibu linaangukia palepale kwa sababu nyingine, nitaieleza chini. Ila kwenye pleti ukiweka sifuri kila penye kiduara umeharibu kazi.

Mnunuzi, pleti ya kawaida ya Bara ni T, tarakimu tatu, herufi tatu. Kwa hiyo swali la "sifuri au O" mahali penyewe panalijibu. Kiduara kikiwa kwenye zile tatu za kwanza baada ya T ni sifuri, hata kama kinaonekana kinene kama O. Kikiwa kwenye tatu za mwisho ni herufi, hata kama kimebanana kama sifuri. Wewe umeandika D0K na umeingiza sifuri kwenye sehemu ya herufi, mfumo ungekupa nini hapo?

Kazi sasa imebaki kwenye herufi yenyewe. Kiduara chenye ukungu kinaweza kuwa O, D au Q. Andika zote tatu, DOK, DDK na DQK, jaribu moja moja. Kila ikileta rekodi usishangilie, soma maelezo yote uone kama yanaongelea IST.

Mama_Wawili_Kigamboni:
Samahanini nadandia. Mimi simu yangu imepotea, nina picha ya boksi tu na kuna viduara vingi kwenye IMEI. Naandika O au sifuri polisi?

fundi_pleti:
Dada, IMEI ni tarakimu 15 tupu, haina herufi hata moja. Andika sifuri zote, kisha hesabu zifike 15. Usichanganye na ile "serial number" iliyo karibu yake kwenye boksi, hiyo ndiyo yenye herufi. Kama ni aifoni, hata hiyo serial haitumii herufi O, kila kiduara ni sifuri. Simu za kampuni nyingine usizihukumu kwa kanuni hiyo.

Mama_Wawili_Kigamboni:
Asante kaka, zimefika 15.

kijana_wa_ubungo:
Mkuu Mnunuzi, pakua app ya kunoa picha, ikuze mara nne, utaiona herufi safi kabisa.

fundi_pleti:
Ataiona safi, na huenda ikawa siyo. Tupige hesabu kidogo.

WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza mpaka upande mrefu unabaki na pikseli kama 1600. IST ina upana wa milimita 1,695. Kama gari limechukua robo ya upana wa picha, maana yadi nzima imeingia, basi gari zima lina pikseli 400. Herufi ya pleti yenye upana wa sentimita 4 na nusu hivi inabaki na pikseli 10 au 11. Halafu picha ya JPEG hubanwa kwa viboksi vya pikseli 8 kwa 8, kwa hiyo herufi yako yote inakaa kwenye boksi moja na kipande. Kitu cha kwanza kufa hapo ni pembe, na pembe za kushoto ndizo zinazotofautisha D na O. Zikishakufa, app ya kunoa haizirudishi, inachora ukingo wake yenyewe. Ikiamua kuchora mviringo utaapa kuwa ni O.

Gari hilohilo likijaza upana wote wa picha, herufi inapata pikseli kama 42. Hapo jicho tu linatosha.

Mnunuzi_Tabata:
Nimejaribu zote tatu. DDK imeleta rekodi lakini maelezo si ya IST. DOK na DQK hazileti kitu. Sasa?

fundi_pleti:
Kwa hiyo DDK imepungua uzito, haijafa. Rudi kwenye picha, una bahati kubwa ambayo hujaiona: pleti yako ina D nyingine ambayo huna shaka nayo, herufi ya kwanza ya zile tatu. Na ina sifuri usiyo na shaka nayo, tarakimu ya mwisho. Zote zimepigwa kwa mwanga uleule na zimeharibiwa na ukungu uleule, kwa hiyo ndizo mizani yako.

Kata vipande vitatu: ile D, kile kiduara, na ile sifuri. Viweke sambamba kwa urefu mmoja bila kunoa chochote. Tazama upande wa kushoto tu, wa kulia usikushughulishe maana D na O zote zimepinda huko. Kwenye D ya uhakika, ukingo wa kushoto utakuwa na weusi uleule kuanzia juu mpaka chini. Kiduara kikiwa na weusi huo mpaka kwenye pembe, ni D. Pembe za juu na chini zikififia kuelekea rangi ya pleti, ni O. Q utaijua kwa kivimbe cheusi chini kulia, ila kagua kwanza kama siyo kichwa cha skrubu. Skrubu iliyopigwa juu ya herufi imeshageuza O nyingi kuwa Q, na sifuri nyingi kuwa 8.

Angalia pia picha ilipigwa kutokea wapi. Mpigaji akisimama pembeni kwa nyuzi 45, upana wa kila kitu unabaki kama asilimia 70, na O inabanana ikawa kama sifuri. Ndiyo maana nasema usihukumu kwa unene.

Dereva_Mwenge:
Na kama gari ni la serikali au la Zanzibar? Au bodaboda?

fundi_pleti:
Bodaboda ni MC, tarakimu tatu, herufi tatu, kanuni ni ileile. Zanzibar ni Z, tarakimu tatu, kisha herufi mbili. Za serikali kama STK na DFP huanza na herufi, tarakimu zinafuata. Pale ambapo mahali hapakusaidii kabisa ni pleti za majina binafsi, kwa sababu mwenye nayo amejichagulia. Hizo bila kadi ya gari usikisie.

Sasa chesisi niliyoahidi. IST za toleo la kwanza ni NCP60, NCP61 au NCP65. Herufi tatu, tarakimu mbili. Kwa hiyo NCP6O yako ni NCP60, ile ya injini ya sisi 1300. Baada ya kistari ni tarakimu tupu, na kwa Toyota hizi huwa saba. Viduara vyote huko ni sifuri. Kinachowaangusha watu hapa ni idadi, O na sifuri ni kesi ndogo. Sifuri mbili zikifuatana kwenye picha yenye ukungu hushikana, mtu anaandika moja. Hesabu: tano, kistari, saba. Ukipata sita umemeza sifuri. Na kibatini ukiona mstari wenye UA-NCP60 au unaofanana nao, hiyo ni modeli, hiyo UA usiibebe kwenda nayo kwenye chesisi.

Mnunuzi_Tabata:
Nimehesabu, nina sita baada ya kistari! Nilikuwa na OO, nikikuza naona kama ziko tatu.

Mzee_wa_Spea:
Usikisie tatu kwa jicho, kijana. Nenda kwenye gari. Kibati kinaweza kubanduliwa, namba iliyogongwa kwenye bodi ndiyo mwenyewe. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, weka karatasi nyembamba juu yake, pitisha penseli laini kwa ubavu. Namba inatoka kwa ukubwa wake halisi, haina pembe wala ukungu. Msasa usiguse kabisa, atakayekagua baadaye atadhani namba imechezewa.

fundi_pleti:
Hapo Mzee umemaliza, nakubali. Ukipiga picha ya namba iliyogongwa, mulika tochi kutoka ubavuni, ikilala karibu na bati, mashimo ya namba yapate kivuli. Kwa pleti fanya kinyume: zima flashi, maana pleti inarudisha mwanga na herufi nyembamba zinaliwa na weupe. Simama mbele yake, ijaze angalau nusu ya picha.

Kama huwezi kwenda leo, mwambie dalali atume upya kwa kuchagua Document badala ya kutuma kama picha. Na aongeze kadi ya gari.

kijana_wa_ubungo:
Lakini mkuu, DOK haijaleta kitu. Kama picha ikisema ni O?

fundi_pleti:
Basi kuna mawili. Gari halina bima hai, au aliyeingiza taarifa alibonyeza sifuri badala ya O, kosa lilelile la Mnunuzi. La pili unalipima kwa kutafuta kwa namba ya chesisi badala ya pleti, ndiyo maana zile tarakimu saba lazima ziwe saba. Kutokea hapa siwezi kujua ni lipi.

Mnunuzi_Tabata:
Nimekata vile vipande vitatu. Pembe ya juu kushoto inafifia, ya chini ni nyeusi. Naona kama kuna tope hapo chini. Dalali anasema kadi iko kwa mwenye gari Mbezi, atatuma kesho asubuhi.

Mzee_wa_Spea:
Kadi isipokuja kesho, hiyo nayo ni jibu. Pesa ya kutangulizia usitoe.