MREJESHO: Duka la khanga lililoungua, madai ya bima

Niliuliza: "Duka limeungua na risiti zote. Nitathibitishaje mali iliyoteketea?"

Wakuu, nimelipwa. Risiti nilizipata kwa wauzaji wangu wa jumla, wakanitolea nakala kutoka vitabuni mwao, nikazioanisha na miamala ya simu niliyowalipia. Nikaambatanisha ripoti ya Zimamoto, ya polisi, na picha za rafu za kabla ya moto zilizokuwa kwenye simu.

Kwenye orodha niliandika khanga doti 600 kwa 12,000, bei ya kuuzia. Mtathmini akakata hadi 9,000 niliyonunulia, maana bima hailipi faida: 5,400,000. Zilizolowa maji tu usitupe, zitenge. Anazihesabu kivyake na kukata thamani iliyobaki.

Kilichoniuma ni hiki. Mali yote ilikuwa na thamani ya 15,000,000, bima niliikatia 10,000,000. Hasara iliyokubaliwa ni 9,000,000, lakini kwa kuwa bima ilikuwa theluthi mbili tu ya thamani ya mali, wakalipa theluthi mbili ya hasara, yaani 6,000,000, kabla ya kukata ile sehemu ninayobeba mwenyewe. Kipengele hicho cha kulipa kwa uwiano kimo kwenye mkataba, kwa herufi za sisimizi.