Shule yashikilia ripoti ya mwanangu kwa deni la muhula ambao hatausoma

Wadau, nimemwondoa mwanangu wa darasa la sita katika shule ya bweni ya binafsi hapa Tororo, Uganda, na sasa shule hiyo, ambayo sitaitaja, inanidai shilingi 1,320,000 kabla ya kunipa ripoti yake na barua ya uhamisho. Ninachodaiwa kwa haki ni 300,000 tu, kwa sababu ada ya muhula ni 900,000 na katika muhula wa pili nililipa 600,000. Shule imeongeza 900,000 za muhula wa tatu, eti sikutoa taarifa muhula mzima kabla, pamoja na 120,000 za maendeleo, ambazo hulipwa mara moja kwa mwaka na ambazo risiti yake ninayo tangu muhula wa kwanza. Hawakosi muda wa kuhesabu reki, mifagio na karatasi za chooni tunazopeleka kila muhula, lakini risiti yao wenyewe hawaioni!

Barua niliyoiandika, ambayo sijaipeleka, inasema hivi:

"Mwalimu Mkuu, ninakujulisha kwamba mwanangu hatarejea shuleni muhula wa tatu. Ninasikitika kwa usumbufu uliojitokeza, na ninaahidi kulipa deni lote ninalodaiwa mara nitakapopata fedha. Naomba nipewe ripoti yake na barua ya uhamisho."

Naomba maoni yenu kabla sijaipeleka.

Baba wa Wanne: Ndugu, usilipe hata shilingi. Mtoto akishaondoka, shule binafsi haina cha kudai, na ukilipa sehemu tu utakuwa umekiri deni zima. Nenda polisi ukachukue ripoti yako.

Mhasibu Mstaafu: Baba wa Wanne, kuhusu kukiri umegusa jambo, lakini kwingine umepotoka. Huduma aliyokwisha kuipata mtoto hulipwa hata akiondoka, na ubishi wa ada ni wa madai, si wa jinai. Kinachokiri deni zima ni maneno, na ndugu yetu ameyaandika kwa mkono wake: "deni lote ninalodaiwa". Shule ikiishika barua hiyo, itasema ameikubali hata ile 900,000. Tena ahadi ya "mara nitakapopata fedha" haina tarehe, kwa hiyo haimtulizi mhasibu wa shule wala haimlindi mzazi.

Tenganisha madai matatu. Andika kwamba unakubali 300,000 za salio la muhula wa pili, na utaje siku utakayozilipa. Andika kwamba 120,000 zilikwisha kulipwa, uambatishe nakala ya risiti, ya asili ubaki nayo. Kisha andika kwamba 900,000 huzikubali, na uombe wakuoneshe fomu ya kujiunga uliyoisaini. Lipa zile 300,000 benki, na barua iseme wazi kwamba fedha hizo ni za salio hilo pekee. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, uirudishe nyumbani.

Mama wa Mtahiniwa: Samahani, wangu yuko darasa la saba na amekwisha kusajiliwa UNEB. Nikimhamisha nitarudishiwa ada?

Mhasibu Mstaafu: Mama, lako ni jambo jingine. Aliyekwisha kusajiliwa hufanyia mtihani katika kituo kilichomsajili, kwa hiyo usimwondoe kabla hujazungumza na shule. Fungua uzi wako, tutakujibu.

Mwanzilishi wa uzi: Mzee, nimeitafuta fomu na nimeipata. Kifungu cha taarifa ya muhula mmoja kimo, na saini ni yangu. Je, ndiyo nimekwisha?

Mhasibu Mstaafu: Hapana, ila usiseme tena kwamba hawana msingi wowote. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kadiri, isiyozidi kiasi kilichotajwa, na hiyo si lazima iwe kiasi chote. Mtoto wa bweni asiyekuwapo hali posho wala maharage yao, na nafasi yake huenda ikajazwa. Waulize hasara yao ni kiasi gani, kisha pendekeza kiwango chako. Mkishindwana, dai lisilozidi shilingi milioni 10 husikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo mahakamani, ambako hakuna wakili anayewakilisha upande wowote. Hakimu ataamua nini juu ya kifungu hicho, siwezi kukuahidi.

Baba wa Wanne: Na ripoti je? Mtoto asubiri mahakama?

Mwanzilishi wa uzi: Hilo ndilo linalonichoma, kwa maana shule mpya inaitaka ripoti kabla ya kufungua, na mtoto hakusaini fomu yoyote. Nimeifuta ile sentensi ya "deni lote". Jumatatu nitalipa 300,000, nitapeleka barua mpya yenye madai matatu, na nitaomba ripoti katika barua ya pili inayojitegemea, ili wakikataa wakatae kwa maandishi.

Mhasibu Mstaafu: Na wasipojibu, nakala ya barua hiyo ifike kwa Afisa Elimu wa Wilaya. Usisahau muhuri.