Tupeane uzoefu: kikomo kilipotoka 1, ulifanyaje?

Mwana wa Mkomani

Assalaam alaykum. Niko mwaka wa pili chuoni, nimerudi Lamu likizo na karatasi ya mtihani ambayo sijamwonyesha mtu nyumbani. Naanza na aibu yangu, na nyinyi mlete zenu.

Swali lilikuwa fupi. Vipande vya mfululizo ni `n!/n^n`. Je, ukiviongeza vyote jumla inatulia au haitulii? Penye faktoria mkono wangu huenda wenyewe kwenye kipimo cha uwiano, nikagawanya kipande kinachofuata kwa kilichotangulia: kikomo kikiwa chini ya 1 jumla inatulia, juu ya 1 haitulii. Faktoria zikakatana vizuri, nikabaki na

`(n/(n+1))^n`

Hapo nikajiona nimefika. `n/(n+1)` inakwenda 1, na 1 ukiipandisha kwa kipeo chochote ni 1. Nikaandika "kikomo ni 1, kipimo hakisemi kitu", nikafungua ukurasa mwingine. Nimerudishiwa na mstari mwekundu chini ya ile 1 na alama moja kati ya sita. Sijui hata hiyo moja nilipewa ya nini.

Nani mwingine ilimkuta? Na ile 1 ikitoka kweli, mwafanyaje?

Mwalimu Barani

Wa alaykum salaam mwanangu. Hiyo alama moja umepewa ya kukata faktoria, ambapo wengi huanguka kabla yako.

Nafundisha hapa Malindi na kosa lako naliona kila mwaka. 1 yako ni ya uongo. Umeipeleka n ya ndani mwisho wa safari, ya kipeo ukaiacha gatini. N ni ile ile moja, zinasafiri pamoja. Ndani kunakaribia 1 kwa chini, lakini kipeo nacho kinazidi kuipunguza kila hatua, na hujui nani atashinda mpaka uhesabu.

Toa simu uhesabu. Kwa n = 1 utapata 0.5. Kwa 10 utapata kama 0.386. Kwa 100 ni 0.370. Haielekei 1 hata kidogo. Geuza sehemu juu chini uone ni nini:

`(n/(n+1))^n = 1/(1 + 1/n)^n`

Hiyo ya chini unaijua, inakwenda kwenye e, 2.718. Kikomo chako ni 1/e, karibu 0.368, chini ya 1. Mfululizo unatulia, tena kwa raha. Kwa hiyo mtu akiniletea 1, mimi kwanza namuuliza ameipataje. Ukiona n ndani ya mabano na n nyingine juu kwenye kipeo, usiiamini hiyo 1 mpaka uigeuze hivi.

Fundi Omari wa Shela

Mimi uwiano nautumia kila siku. Plasta natia saruji moja kwa mchanga minne. Uwiano ukitoka moja kwa moja, ukuta utapasuka kabla hujashuka ngazi. Huyo aliyekupa alama moja ana haki.

Mwana wa Mkomani

Fundi, huu ni uwiano wa hesabu 😂 lakini nimekuelewa.

Bin Langoni

Mimi nilifundishwa njia rahisi. Uwiano ukitoa 1, hamia kipimo cha kipeuo, chukua kipeuo cha n cha kipande. Kikikataa nacho, tazama kipande chenyewe: kisipokwenda sifuri, haitulii, kikienda sifuri, inatulia. Umemaliza.

Mama Wawili

Bin Langoni kaka yangu, hiyo ya mwisho ndiyo iliyonila mimi. Nasoma jioni hapa Malindi watoto wakilala, kwa hiyo makosa yangu ni ya saa tano usiku.

Kipande changu kilikuwa `(2n)!/(4^n (n!)^2)`. Mara ya kwanza nilianguka mapema kabisa: nilipoweka n+1 mahali pa n, niliandika `(2n+1)!`. Ni `(2n+2)!`, kwa sababu mbili inazidisha n+1 nzima. Ukiikata na `(2n)!` zinabaki namba mbili, `(2n+2)(2n+1)`, si moja. Niligundua kwa sababu uwiano wangu ulikuwa unakwenda sifuri, halafu nilipohesabu vipande vya mwanzo kwa mkono, 1/2, 3/8, 5/16, vilikuwa vinapungua kidogo kidogo tu. Kama uwiano ungekuwa unakwenda sifuri, vingeporomoka. Tangu siku hiyo nahesabu vipande vitatu kwa mkono kabla ya kuamini algebra yangu.

Nikarekebisha:

`(2n+2)(2n+1) / (4(n+1)^2) = (2n+1)/(2n+2)`

Hapa ikatoka 1 ya kweli, hakuna kipeo cha kujificha. Nikafanya kama ulivyosema: kipande kinakwenda sifuri, basi inatulia. Nikakosa swali zima.

Mwalimu Barani

Bin Langoni, nusu ya maneno yako ni sawa. Kipande kisipokwenda sifuri, mfululizo hautulii, hilo halina ubishi. Lakini kikienda sifuri bado hujasema kitu. `1/n` inakwenda sifuri na jumla yake haitulii; `1/n^2` inakwenda sifuri na inatulia. Zote mbili ukizipima kwa uwiano zinatoa 1.

Na kipimo cha kipeuo hakitakuokoa hapo. Uwiano ukishakuwa na kikomo, kipeuo nacho kinafika kwenye kikomo hicho hicho. Uwiano ukitoa 1, kipeuo kitatoa 1, umepoteza wino tu. Kipeuo kina faida pale ambapo uwiano unarukaruka na hauna kikomo.

Sasa ya Mama Wawili. Andika kipande kirefu, usiogope:

`(1·3·5···(2n-1)) / (2·4·6···(2n))`

Sogeza namba za juu hatua moja upande wa kushoto, kila moja ikae juu ya jirani yake mdogo: 3 juu ya 2, 5 juu ya 4, mpaka `2n-1` juu ya `2n-2`. Kila sehemu imezidi 1. Chini imebaki `2n` peke yake. Kwa hiyo kipande si kidogo kuliko `1/(2n)`, yaani nusu ya `1/n`, na `1/n` tumeshasema haitulii. Basi na yako haitulii. Hesabu imekwisha bila kipimo kipya.

Anayetaka kipimo yuko Raabe, Mswisi wa karne ya 19. Raabe haangalii kama uwiano unafika 1, anaangalia unafika kwa kasi gani. Geuza uwiano, toa 1, zidisha kwa n:

`n·((2n+2)/(2n+1) - 1) = n/(2n+1)`

Inakwenda 1/2. Kwa Raabe, juu ya 1 inatulia, chini ya 1 haitulii. Angalieni asiwachanganye: alama zake ni kinyume cha kile kipimo cha kwanza, na wanafunzi wangu hupotea hapo kuliko kwenye hesabu yenyewe.

Mama Wawili

Kumbe ndiyo maana swali la pili, lile lenye kipande hicho hicho kimegawanywa tena kwa `2n+1`, lilitulia. Nimelifanya sasa hivi kwa Raabe nikapata 3/2.

Mwalimu Barani

Sawasawa dada. Na hiyo jumla, ukianzia n = 0, ni π/2.

Baharia wa Mokowe

Swali la mwenye mada nilipewa na x ndani, `n! x^n / n^n`. Uwiano unatoa x/e, kwa hiyo x = e yenyewe inatoa 1 ya kweli. Mimi niliiruka nikaandika "haijulikani". Ilikuwa yafanywaje?

Bin Langoni

Hii naijua, na mniache nijikomboe! Usitazame kikomo, tazama uwiano wenyewe kabla haujafika. Ni `e/(1 + 1/n)^n`. Hiyo ya chini inaikaribia e kwa kupanda, haiifikii kamwe. Kwa hiyo uwiano umezidi 1 kila mara, na kila kipande ni kikubwa kuliko kilichotangulia. Cha kwanza 2.718, cha pili kama 3.69, cha tatu kama 4.46. Vinakua, haviendi sifuri, haitulii.

Mwalimu Barani

Umejikomboa. Na x ikiwa -e hali ni hiyo hiyo, alama zinapishana lakini ukubwa unakua. Ila usiibebe kanuni hiyo kinyume: uwiano ukiwa chini ya 1 kila mara huku kikomo ni 1, hujapata kitu. Ya Mama Wawili ilikuwa hivyo na haikutulia.

Baharia wa Mokowe

Mbona msitumie fomula ya Stirling ya kukadiria faktoria mkamaliza yote? Kwa x = e kipande kinakuwa kama `sqrt(2πn)`, unaona kwa jicho kwamba kinakua. Cha Mama Wawili kinakuwa kama `1/sqrt(πn)`. Mstari mmoja mmoja.

Mwalimu Barani

Mtahini akikubali, tumia. Mimi simpi mwanafunzi Stirling kabla hajajua kukata faktoria kwa mkono, maana akisahau fomula hana pa kushika.

Baharia wa Mokowe

Na asiyesahau je? Hapo hatukubaliani mwalimu, kwa heshima.

Mwana wa Mkomani

Nimeshika kalamu nikajitungia: kipande cha Mama Wawili, nikakipandisha kipeo cha 2. Uwiano 1. Raabe naye amenitolea 1! Na ule mpaka wa `1/(2n)` ukiupandisha kipeo cha 2 unakuwa `1/(4n^2)`, ambao unatulia, kwa hiyo haunisaidii kusema haitulii.

Mwalimu Barani

Raabe akitoa 1 naye amenyamaza, ana mipaka yake. Rudi kwenye kusogeza. Sasa una 3 mbili juu, una 2 mbili na 4 mbili chini. Weka 3·3 juu ya 2·4, 5·5 juu ya 4·6, uendelee hivyo.

Mwana wa Mkomani

9/8, 25/24, 49/48… zote zimezidi 1. Lakini zimenibakia mbili zisizo na mwenzake: 1/2 mwanzoni, na `1/(2n)` mwishoni. Hizo nizipeleke wapi?

Mama Wawili

Zizidishe.

Mwana wa Mkomani

`1/(4n)`. Lo!