Mteja anadhani namuibia, friza inavuja gesi ndani ya ukuta. Nimweleweshe vipi?

FundiBaridi_Mbagala:
Habari za jioni wakuu. Nina banda la kutengeneza friji na friza huku Mbagala. Kuna mama kaniletea friza la kifua, anauza samaki na barafu, ndo tegemeo lake. Shida ni kwamba haligandishi, baridi inapatikana kona moja tu ya juu kwingine hamna. Kabla ya kuja kwangu alishajaziwa gesi mara mbili na fundi mwingine, kila mara 45,000, inagandisha vizuri kama wiki tatu afu inarudi kule kule.

Nimepima kompresa, waya zake ziko sawa na haipigi shoti kwenye bodi. Nimepaka povu la sabuni kwenye maungio yote ya nyuma, sijaona kitu. Kwa hiyo mi naona liki iko kwenye zile paipu zilizozikwa ndani ya ukuta kwenye foromu, na pale hapachomeleki, dawa yake ni kuzungusha paipu mpya ya kopa kwa ndani. Nikamwambia 260,000. Mama wa watu akakaa kimya, baadae kaja na mdogo wake anafoka kwamba mbona kompresa inanguruma vizuri, gesi imeisha tu, jaza gesi acha kututapeli.

Naombeni ushauri namna ya kumweleza mtu kama huyu akaelewa, na je nimtoze hela ya uchunguzi akiamua kuondoka nalo?

Chapu_Chapu:
Mkuu usijichoshe, nenda nae dukani anunue vifaa mwenyewe aone bei, we umtajie ufundi tu. Mi ndo nafanya hvyo na sijawahi kugombana na mtu. Na kuhusu liki wala hakuna cha kubishana, weka geji upande wa kuvuta, ikishuka chini ya sifuri muoneshe, gesi hamna, kesi imeisha.

MzeeWaKopa:
Fundi, kabla ya maneno ya kumwambia mteja nikuulize wewe kwanza, hiyo liki ya ukutani umeithibitisha au umeifikia kwa kuondoa mengine? Maana ulichoandika ni povu la sabuni kwa nje tu, na kama gesi imebaki kidogo presha inakua ndogo hata povu halitoki. Hapo mteja yuko sahihi kuwa na wasiwasi, unamwomba 260,000 kwa kitu ambacho hajakiona na wewe hujakiona.

Na Chapu_Chapu hapo kwenye geji umepatia nusu. Geji ikishuka chini ya sifuri inaweza kuwa gesi imepungua, inaweza pia kuwa kapilari au filta imeziba, gesi ipo ila imekwama upande wa pili. Zima kompresa uangalie, kama pameziba geji inapanda taratibu sana. Ukimjazia mtu gesi wakati filta imeziba umemla hela yake bure.

Fanya hivi. Kata mfumo uutenganishe pande mbili, upande wa kondensa peke yake na upande wa ukutani peke yake, uzibe ncha. Upande wa ukutani tia nitrojeni kama psi 150, usizidishe sana, na usitie oksijeni hata siku moja maana ikikutana na oili ya kompresa inalipuka. Piga picha ya geji saa ionekane, liache lilale, asubuhi piga nyingine. Kama sindano imeshuka na maungio uliyoziba hayatoi povu basi liki iko ukutani, hakuna ubishi. Upande wa kondensa nao uupime hvyo hvyo, usije ukamuwekea kopa mpya afu ukakuta tundu lingine nyuma.

Hizo picha mbili ndo maelezo yenyewe. Mama haitaji kujua evaporeta ni nini. Mwambie gesi ya friza haitumiki ikaisha, inazunguka ile ile miaka yote, ikipungua jua kuna tundu, ni kama tairi la bajaji lenye pancha unalipulizia upepo kila asubuhi bila kuliziba. Afu muoneshe sindano.

MamaSamaki_Feri:
Mi sio fundi, mi ni mteja wa watu kama nyinyi, naomba niseme. Kinachotutisha sio bei kubwa, ni bei inayotembea. Unaambiwa 80, kesho unapigiwa simu kuna kifaa kingine, keshokutwa kingine, na friza lishafunguliwa huwezi hata kulihamisha, huku samaki nimemuomba jirani anihifadhie. Mwambie huyo mama kabla hujagusa kitu kwamba bei hii haipandi bila yeye kukubali, na ikishindikana atalipa kiasi gani. Na mwambie siku ya kumaliza, sisi tunahesabu hasara ya kila siku. Na tafadhali ongea na yeye mwenyewe sio na mdogo wake, friza ni lake.

Kijana_wa_Tabata:
Wakuu samahani na mimi friji langu la milango miwili juu linagandisha ila chini hakuna baridi, na lenyewe ni liki ya ukutani? Itanigharimu 260?

MzeeWaKopa:
Hapana kijana, lako ni tofauti. Juu kukigandisha vizuri gesi ipo. Mara nyingi ni feni haisukumi hewa au barafu imejaa nyuma ya kile kifuniko kwa sababu hita ya kuyeyusha imekufa. Toa vyakula, lizime, acha wazi siku nzima barafu iyeyuke yote. Ukiliwasha likapoza chini siku kadhaa afu likarudia, mwambie fundi aanzie kwenye hita na sensa. Fungua uzi wako.

Fundi wa Mbagala, hebu tuchanganulie hiyo 260.

FundiBaridi_Mbagala:
Asante sana mzee. Kopa 100,000, filta 6,000, gesi R134a 34,000, vya kuchomea 15,000, usafiri kwenda na kurudi 20,000, jumla 175,000. Ufundi wangu 85,000, ni kazi ya siku mbili mpaka kuvuta vakyumu. Nitrojeni sina mtungi ila kuna jamaa wa AC ananiazima.

MzeeWaKopa:
Bei haina ubaya. Mwandikie hvyo hvyo kwenye karatasi, na ufundi uandike usiufiche ndani ya bei ya kopa. Ndo maana sikubaliani na kumpeleka mteja dukani akanunue, akishajua kopa ni laki anaona 85 yako ni wizi, na akiuziwa paipu nyembamba lawama ni zako.

Kwenye hiyo karatasi weka njia tatu. Ya kwanza kopa mpya, 260,000. Ya pili kujaza gesi tu, 45,000, mwambie kwa kasi ya liki yake ni wiki tatu, kwa hiyo mara sita tu ashapita bei ya kwanza na samaki wanaoharibika hatujawahesabu. Ya tatu aliuze kama lilivyo aongezee anunue lingine, na hapa uwe mkweli, umri wa kompresa ni kiasi gani? Kama lina miaka kumi na bodi imeoza kwa chumvi ya samaki, mi mwenyewe ningemwambia asiweke laki mbili na nusu pale.

Mwambie na mabaya ya kopa ya ndani. Inapunguza nafasi, kikapu kinaweza kisikae, na asichokonoe barafu kwa kisu maana atatoboa siku hiyo hiyo. Waranti mpe kwenye paipu na maungio yako, kompresa usiahidi, hujaibadilisha.

Chapu_Chapu:
Ya dukani nimekuelewa mzee ingawa mi kwangu inafanya kazi. Ila hela ya uchunguzi mimi siungi mkono, ukimtoza mtu 15,000 afu asitengeneze anakutangaza mtaa mzima.

MzeeWaKopa:
Kuangalia kwa macho na kupima umeme ni bure, sawa. Lakini kukata mfumo, nitrojeni, kulilaza usiku, hiyo ni kazi. Mwambie kabla ya kukata, na akitengeneza unaikata kwenye bili. Na akumbuke ukishakata hata ile baridi ya kona haipo tena, lazima akubali kwa mdomo wake.

MamaSamaki_Feri:
Mi ningelipa kama ningeambiwa mapema. Nikiambiwa baadae silipi.

FundiBaridi_Mbagala:
Nimerudi wakuu. Nimempigia mama mwenyewe, nimemwambia nataka kulipima kwanza, 15,000, inakatwa kwenye bili akitengeneza. Kakubali ila kasema anataka awepo sindano ikiwekwa na asubuhi aje aangalie mwenyewe, mdogo wake bado anasema anajua fundi wa kujaza kwa 40. Nitrojeni naipata kesho jioni. Umri wa friza anasema alilinunua mtumba hivyo hajui, na stika ya nyuma imefutika. Mzee kuna namna ya kukadiria umri wa kompresa bila stika, au niende na kutu ya bodi tu?