Duka la babu libadilishwe jina?

Mjukuu, Mwanjelwa: Babu alifungua duka la vyakula mwaka 1984, sasa tuna matawi manne: Mwanjelwa, Uyole, Tukuyu na Vwawa. Tunataka jina fupi na rangi mpya, yote kwa mkupuo mmoja. Wazee waliotubeba miaka yote tutawapoteza?

Mwenye duka, Iringa: Mdogo wangu, mimi nilifanya hivyo. Ndani ya wiki moja nilibandua bango la kijani, nikaweka jekundu, nikaondoa kaunta, na sukari ya kupima nikaifunga pakiti za kilo. Mauzo yakapanda, nikafurahi. Binti anayeuza ndiye aliyeniambia wazee hawaonekani asubuhi. Nikahesabu risiti za kabla ya saa nne: zilikuwa 60 kwa siku, zimebaki 35. Fedha ilikuwa imenifichia hilo, maana kijana mmoja anajaza kikapu, mzee anachukua robo ya sukari na chumvi.

Nikawafuata nyumbani. Hakuna aliyelalamikia jina. Wawili walidhani tumeuza duka. Wengine waliona aibu kuomba robo mahali penye pakiti za kilo tu. Nikarudisha kaunta na mizani, jina la zamani nikaliandika chini ya jipya, kwa kijani kilekile. Baada ya miezi mitatu risiti zikafika 52. Wengine hawakurudi mpaka leo.

Dereva, Uyole: Msiguse. Jina jipya ni kampuni mpya, mtaanza na TIN nyingine.

Mhasibu, Mbeya: Hapana, kaka. Kampuni ikibadili jina kule BRELA, inabaki ileile, na TIN ileile. Ila leseni ya biashara na mashine ya EFD lazima zifuate. Bango likisema hivi na risiti ikisema vile, mteja ana haki ya kushtuka. Tigo ilipogeuka Yas mwaka 2024 ilitangazwa nchi nzima, na bado mtaani kwetu watu wanasema Tigo. Duka halina uwezo huo wa kutangaza.

Bibi, Tukuyu: Mimi bango silisomi, macho yamechoka. Naomba kujua: daftari la mkopo litabaki? Na lile benchi la nje?

Mjukuu, Mwanjelwa: Shikamoo bibi. Daftari tulipanga kulifuta, madeni yaingie kwenye simu. Benchi hatukuliwaza kabisa.

Bibi, Tukuyu: Marahaba. Simu yangu anashika mjukuu, naye yuko shule.

Mwenye duka, Iringa: Umesikia hapo. Anza na tawi moja, na hesabu risiti za asubuhi kabla hujagusa rangi. Usilinganishe Januari na Julai. Baada ya mavuno kila duka linajaa, utajidanganya.

Mhasibu, Mbeya: Tawi moja likiwa na jina lake peke yake, anayetoka Vwawa kuja Mwanjelwa atajua ni duka lile lile? Mimi ningebadilisha bango kote siku moja, ila ndani nisiguse kitu.

Mjukuu, Mwanjelwa: Kaka yangu naye anataka yote manne, fundi anapunguza bei mabango yakitengenezwa pamoja. Kesho naanza kuhesabu risiti. Daftari la Tukuyu nimeshasema lisiguswe.